Unataka kumaliza loni kabla ya muda? Angalia kwanza kama utapunguziwa riba ama utapigwa ada

Kila Januari na kila msimu wa chama kugawana pesa naulizwa swali lile lile: "Nimepata pesa, nikimaliza loni sasa hivi si watanitolea ile riba ya miezi iliyobaki?" Jibu ni kwamba inategemea loni yako ilipigwa hesabu vipi na mkataba wako unasema nini, na tofauti si ya mia mbili mia tatu, inaweza kuwa elfu hamsini. Ndio maana naandika hii mara moja, ukiniuliza tena nitakutumia tu.

Nitatumia hesabu ya jirani yangu wa hapa Umoja ambaye alichukua loni ya kununua mashine ya kudarizi, yeye mwenyewe ameniruhusu bora nisitaje jina lake wala la wale waliomkopesha. Alikopa 240,000, riba asilimia 18 kwa mwaka ya flati, miezi 24. Analipa 13,600 kila mwezi. Amelipa miezi 10, halafu zamu yake ya chama ikafika.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi vitu

- Mkataba wenyewe, ile barua uliyosaini, si ile meseji ya "hongera loni yako imepitishwa". Kama huna kopi, enda uitishe, ni haki yako.
- Ratiba ya malipo, ile karatasi yenye miezi yote na kiasi cha kila mwezi.
- Stetimenti ya loni ya karibuni. Angalia ni ya loni, si ya akaunti yako ya kawaida.
- Kikokotoo cha simu kinatosha. Kama unajua kutumia Excel ama Google Sheets ni vizuri zaidi.

1. Jua loni yako ni ya flati ama ya salio linalopungua

Hapa ndipo watu wengi huruka na ndipo kila kitu kinaanzia. Loni ya salio linalopungua inatoza riba kwa deni lililobaki tu, kwa hivyo riba ya mwezi ujao bado haijaandikwa popote. Ukilipa leo hakuna kitu cha "kurudishiwa", riba inakoma tu. Loni nyingi za SACCO na za benki ziko hivi. Kwa hizi unauliza mambo matatu pekee: deni la msingi limebaki ngapi, riba ya hizi siku za kutoka malipo ya mwisho ni ngapi, na kuna ada ya kumaliza mapema ama hakuna. Basi.

Flati ni kitu kingine. Riba ya muda wote ilipigwa siku ya kwanza juu ya pesa yote uliyokopa ikaongezwa kwa deni. Kwa hivyo kitabu cha mkopeshaji tayari kina riba ya miezi ambayo haijafika, mimi huiita riba ambayo haijaiva, na hiyo ndiyo unataka wakuondolee. Kuondolewa huko ndiko wanaita ribeti.

Njia ya kujua bila kuuliza mtu: zidisha pesa uliyokopa kwa riba ya mwaka, zidisha kwa miaka, jumlisha na uliyokopa, gawa kwa miezi. Jirani yangu: 240,000 mara 0.18 mara 2 ni 86,400. Jumla 326,400. Gawa kwa 24, unapata 13,600 kamili. Imeshikana na anacholipa, hiyo ni flati.

Onyo: usiamini ratiba kwa sababu tu inaonyesha riba ikipungua kila mwezi. Kuna wakopeshaji wanapiga flati halafu kwa ratiba wanaipanga riba ikiwa nyingi mwanzo na kidogo mwisho, inaonekana kama salio linalopungua. Fanya hiyo hesabu ya juu, haidanganyi.

2. Tafuta kifungu kwa mkataba

Mikataba karibu yote ya hapa iko kwa Kizungu na kifungu chenyewe kimefichwa ukurasa wa nne huko. Kama una PDF kwa simu, weka haya maneno moja moja kwa sehemu ya kutafuta:

```
early settlement
prepayment
rebate
unearned interest
notice
```

Ukipata, soma polepole ukitafuta majibu ya haya. Je, wanakupunguzia riba ama wanasema unalipa awamu zote zilizobaki? Kama wanapunguza, kwa njia gani? Ada ya kumaliza mapema ni asilimia ngapi, na asilimia ya nini? Hili la mwisho litazame sana. Asilimia 3 ya deni lililobaki na asilimia 3 ya pesa uliyokopa mwanzo ni vitu viwili, kwa loni ya 240,000 hiyo ya pili ni 7,200 hata kama umebakisha miezi miwili. Wengine hawatozi asilimia, wanatoza riba ya mwezi mmoja ama miwili. Angalia pia kama ada iko kwa miezi ya kwanza tu, na kama inakuja pale tu loni inaponunuliwa na benki nyingine, kwa sababu kuna mikataba ya namna hiyo na mtu analipishwa ada ambayo haikumhusu, alikuwa analipa na pesa yake mwenyewe.

Na hilo neno la notisi usiliruke. Wengine wanataka uwaambie siku 30 mbele, usipowaambia wanakutoza riba ya hizo siku.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua mtaniuliza: Kenya tuko na sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka wa 2012 na inagusa mambo ya mikopo, ikiwemo haki ya mkopaji kumaliza deni mapema. Itaje kwa barua yako. Lakini mipango yako usiijenge juu yake peke yake maana mkopeshaji atakuja na hoja zake za aina ya mkopo na dhamana, na kubishana huko kunachukua miezi na wewe kila mwezi unaendelea kukatwa. Kifungu cha mkataba wenyewe ndicho kinasonga haraka.

3. Itisha kiasi cha kumaliza, kwa maandishi

Usipige simu. Ama piga, lakini andika pia. Kiasi cha kwa mdomo si kiasi, afisa wa mikopo anaweza kukwambia 160 halafu ukifika kaunta mfumo unasema 175 na yeye yuko likizo. Tuma barua pepe ama peleka barua, wakugongee muhuri wa kupokea kwa kopi yako. Andika hivi tu:

"Naomba kiasi cha kumaliza mkopo wangu nambari (…) kufikia tarehe (…). Naomba kionyeshe kando kando: deni la msingi lililobaki, riba iliyofika hadi tarehe hiyo, riba iliyopunguzwa na njia iliyotumika kuipunguza, ada ya kumaliza mapema na ushuru wake, na tarehe ambayo kiasi hiki kitaacha kutumika."

Hayo maneno "kando kando" ndiyo yenye kazi. Ukiwaacha wakupe namba moja hutajua ada imeingia wapi.

Chagua tarehe iliyo siku moja ama mbili baada ya awamu yako ya kawaida kuingia. Kwa loni ya salio linalopungua riba inahesabiwa kwa siku, mfano deni la 500,000 kwa asilimia 16 ni kama shilingi 219 kila siku. Kwa flati wengi wanahesabu kwa miezi mizima, ukipita siku tatu ndani ya mwezi mpya wanahesabu mwezi wote kama umeiva.

4. Piga hesabu yako mwenyewe kabla jibu lao halijakuja

Hii ndiyo nyama. Turudi kwa jirani. Amebakisha awamu 14, mara 13,600 ni 190,400. Hiyo ndiyo angelipa akiendelea polepole hadi mwisho, kwa hivyo ndiyo namba ya kulinganisha nayo kila kitu.

Yeye alikuja kwangu na hesabu yake: riba yote ni 86,400, miezi iliyobaki ni 14 kati ya 24, basi wanitolee 50,400 nilipe 140,000. Inaonekana haki kabisa, na ukipata mkopeshaji anayepiga hivyo chukua mbio kabla hajabadilisha mawazo. Lakini wengi hawapigi hivyo. Hoja yao ni kwamba mwanzoni ulikuwa unashikilia pesa yao nyingi, kwa hivyo riba ya miezi ya mwanzo ni kubwa kuliko ya mwisho, na hapo kusema ukweli wako na pointi.

Njia ambayo utakutana nayo sana kwa flati inaitwa kanuni ya 78. Jina limetoka kwa loni ya miezi 12: jumlisha 1 mpaka 12 unapata 78. Mwezi wa kwanza unabeba mafungu 12 ya riba, wa pili 11, hivyo hivyo mpaka wa mwisho unabeba fungu 1. Kwa miezi 24 mafungu yote ni 300. Kupata ribeti:

```
ribeti = riba yote × k × (k + 1) / (n × (n + 1))
k = miezi iliyobaki, n = miezi yote
```

Kwa jirani: 14 mara 15 ni 210. 24 mara 25 ni 600. 210 kwa 600 ni 0.35. Mara 86,400 unapata 30,240. Toa kwa 190,400, anabaki kulipa 160,160.

Kuna njia ya tatu, ambayo kwangu ndiyo ya haki zaidi, inatafuta riba halisi ya mwezi halafu inauliza hizo awamu 14 zina thamani gani leo. Hii unahitaji Excel ama Sheets:

```
=RATE(24,-13600,240000)
=PV(0.026216,14,-13600)
```

Ya kwanza inakupa 0.026216, yaani asilimia 2.62 kwa mwezi, karibu asilimia 31.5 kwa mwaka. Ndiyo, ile "18" yake ya flati ilikuwa 31.5 ukiipima kwa salio linalopungua. Alikaa kimya kidogo nilipomwonyesha. Ya pili inatoa karibu 157,700. Kwa hivyo kanuni ya 78 inamlia kama 2,500 hivi zaidi ya hesabu ya haki. Si pesa ya kupoteza usingizi kwa loni ya miezi 24, lakini kwa loni ndefu za riba kubwa pengo linapanuka, hapo ubishane.

Sasa una uwanja wako: akiambiwa 140,000 ana bahati, 157,700 mpaka 160,160 ni kawaida, 190,400 maana yake hawajampunguzia hata ndururu.

5. Ongeza ada, halafu uamue

Ada ikiwepo, usisahau ushuru unaokaa juu ya ada. Barua aliyopata jirani mwishowe ilikuwa na 160,160 pamoja na ada ya asilimia 3 na ushuru wake, jumla karibu 166,000. Linganisha na 190,400: anaokoa kama 24,400. Alilipa.

Lakini tuseme zamu ya chama ingemfikia amebakisha miezi minne. Awamu zilizobaki 54,400. Ribeti kwa kanuni ya 78: 4 mara 5 ni 20, kwa 600, mara 86,400, ni 2,880 pekee. Ada ya asilimia 3 na ushuru wake inakula zaidi ya nusu ya hiyo. Anabaki na elfu moja na kitu, na amejinyima pesa ya kununua uzi na vitambaa kwa miezi minne. Hapo mimi ningemwambia aache iishe yenyewe. Riba ya flati inaiva mapema sana, ukitaka kuokoa ni nusu ya kwanza ya loni, baadaye ni kujifurahisha tu.

Usikope kwingine ili umalize hii kabla hujapiga hesabu ya hiyo mpya pia, na ada zake za kushughulikia, na bima. Naona watu wakihama kutoka flati moja kwenda flati nyingine.

6. Lipa kwa njia itakayofunga loni

Kosa kubwa kuliko yote: mtu anapata pesa, anaingia M-Pesa anatuma 160,000 kwa peibili ya loni halafu anapumzika. Mfumo haujui unataka kufunga. Unaichukua kama malipo ya mbele, unaiweka hapo na kila tarehe unajikatia 13,600 yake mpaka iishe, na riba yote inabaki vile vile. Umewakopesha pesa yako bure.

Kwa hivyo subiri barua ya kiasi cha kumaliza, lipa shilingi ile ile iliyoandikwa, kabla ya tarehe kuisha, na siku hiyo hiyo andika ujumbe: "Nimelipa kiasi fulani, nambari ya muamala hii, ni ya kufunga mkopo kulingana na barua yenu ya tarehe fulani." Angalia pia kiwango cha M-Pesa kwa siku, pesa ikizidi lipa kwa benki mara moja kuliko kugawanya siku mbili halafu ya pili ifike tarehe imepita.

Kulipa sehemu tu, mfano 80,000? Kwa salio linalopungua inasaidia, waambie kwa maandishi kama unataka miezi ipungue ama awamu ipungue, mimi ningechagua miezi. Kwa flati mara nyingi haipunguzi riba yoyote isipokuwa wakubali kupanga loni upya. Uliza kwanza.

7. Baada ya kulipa, usiondoke hivi hivi

Itisha barua ya kuthibitisha umemaliza na stetimenti inayosoma sifuri. Simamisha agizo la kukatwa benki, na kama unakatwa kwa mshahara peleka kopi ya barua kwa ofisi ya mishahara mwenyewe kabla hawajafunga hesabu za mwezi. Kama kulikuwa na dhamana ya gari, fuatilia jina la mkopeshaji litolewe kwa logibuku. Mashine, stoku na vitu kama hivyo huwa vinasajiliwa kama dhamana chini ya sheria ya 2017 ya mali inayohamishika, waambie waondoe usajili huo. Na uliza kuhusu bima ya mkopo, kama ulilipia miaka miwili mbele na umetumia miezi kumi, huenda kuna kitu cha kurudishwa, lakini hawatakwambia usipouliza.

Mambo yakikwama

*"Wamenipa jumla ya awamu zote, wanasema mfumo haupunguzi."* Ndivyo jirani alivyojibiwa mara ya kwanza, 190,400, na afisa akasema hakuna kitu cha kupunguza. Tulifungua mkataba, kifungu cha ribeti kilikuwa ukurasa wa tano. Akajibu barua pepe akikinukuu na kuweka hesabu yake ya 160,160 hapo chini. Jibu lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Kama mkataba kweli hauna ribeti popote, bado omba kwa maandishi na utaje sheria ya 2012, lakini usilipe kwanza ukitarajia kurudishiwa baadaye, ukishalipa huna nguvu tena.

*"Namba yao haifanani na yangu hata moja."* Angalia vitu vinne kwa mpangilio huu: wamehesabu miezi iliyobaki 13 badala ya 14, kuna faini ya kuchelewa ya zamani, awamu ya mwisho haijaingia kwa kitabu chao, ama ada imefichwa ndani. Mara nyingi ni hiyo ya kwanza. Weka k ya 13 kwa kanuni, jirani angepata ribeti ya 26,208, ukiona pengo la kama elfu nne hivi ujue ni mwezi mmoja.

*"Nimemaliza lakini mshahara bado umekatwa."* Kawaida mwezi wa kwanza. Andikia mkopeshaji urudishiwe, weka barua ya kumaliza na hati ya mshahara pamoja. Ikikatwa mwezi wa pili, tatizo liko kwa ofisi yako ya mishahara.

*"Nilishatuma pesa kwa peibili bila barua."* Andika leo hii, si kesho, uombe malipo yahamishwe kuwa ya kufunga mkopo kwa tarehe uliyolipa. Kabla awamu inayofuata haijakatwa kutoka kwa hiyo pesa huwa wanakubali kwa urahisi zaidi.

*"Wamenyamaza."* Malalamiko yaende kwanza kwa dawati lao la malalamiko, upate nambari. Wakikaa kimya, benki na benki za maikrofainansi unazipeleka Benki Kuu, SACCO zinazopokea akiba unazipeleka SASRA. Ambatisha mkataba, barua yao na ukurasa mmoja wa hesabu yako, usiandike hadithi ndefu, namba tatu zinatosha: awamu zilizobaki, walichotaka, na kile mkataba unasema.

*"CRB bado inaonyesha nina deni."* Subiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata kwa sababu wakopeshaji hutuma taarifa kwa awamu. Ikiwa bado, peleka barua ya kumaliza kwa mkopeshaji na kwa ile ofisi ya CRB yenyewe, Metropol, TransUnion ama Creditinfo, uandike kwamba unapinga hiyo taarifa na unataka irekebishwe.